Kilichomnyamazisha Hakikuwa Zuhali

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumze juu ya wapenzi wanaoachana, au wasioanza kabisa, kwa sababu ya chati zao za kuzaliwa, yaani michoro ya mahali sayari zilipokuwa angani mtu alipozaliwa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba leo tusibishane kama unajimu ni kweli au ni uongo. Ubishi huo tungeweza kukesha nao na kila mmoja akarudi kwake na msimamo aliokuja nao. Mimi kazi yangu ni kuwashauri wanandoa na wachumba. Chati najua kuzichora na kuzisoma, kwa kuwa wanaokuja kwangu huja nazo, na niliona ni heri nielewe karatasi iliyo mezani kuliko kuisukuma pembeni.

Ninachotaka kuwaonyesha ni hiki: usomaji mbaya unaweza kuvunja uhusiano hata kama hauna chembe ya ukweli, na ukishauvunja, watu wote, pamoja na walioachana wenyewe, watasema ulikuwa kweli.

Jambo hili lina jina. Mwaka 1948 mwanasosholojia Robert Merton aliandika juu ya utabiri unaojitimiza, na mfano wake mkuu ulikuwa benki. Benki ni nzima, fedha zake ziko salama. Unaanza uvumi kwamba inafilisika. Wateja wanapanga foleni kutoa akiba zao, na kwa kuwa hakuna benki inayokaa na akiba zote za watu sandukuni, inafilisika kweli. Yule aliyeanzisha uvumi anatembea kifua mbele: si niliwaambia? Merton alisisitiza kwamba uvumi ulikuwa uongo siku uliposemwa. Watu ndio walioufanya kuwa kweli kwa jinsi walivyoupokea.

Sasa tuingie kwenye chati.

Mnajimu anapolinganisha chati mbili huangalia umbali wa nyuzi kati ya sayari za huyu na sayari za yule. Kuna umbali unaohesabiwa kuwa mwepesi, kama nyuzi 60 na 120. Kuna unaohesabiwa kuwa mgumu: nyuzi 90, nyuzi 180, na kwa baadhi ya sayari hata zikikaa mahali pamoja, yaani nyuzi 0. Sayari inayoogopwa zaidi katika mapenzi ni Zuhali. Inasemwa kuwa ni sayari ya ubaridi, mipaka, mzigo na kuchelewa. Zuhali ya mmoja ikigusa kwa ukali Jua, Mwezi, Zuhura au Mirihi ya mwenzake, wasomaji wengi hukunja uso. Utasikia maneno kama "huyu atakukausha moyo" au "mtaishi pamoja lakini utakuwa mpweke."

Niliwahi kukaa na kalamu nikajiuliza: hali hiyo ya kutisha ni adimu kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi, naomba mnivumilie. Duara lina nyuzi 360. Wasomaji hawadai umbali uwe kamili, huruhusu pungufu au ziada ya nyuzi kadhaa, na 6 ni kawaida kabisa. Kwa hiyo kila mahali pagumu panachukua nyuzi 12. Mahali hapo pako 4 kwenye duara: pale pale, nyuzi 90 upande huu, nyuzi 90 upande ule, na ng'ambo. Jumla ni nyuzi 48 kati ya 360, yaani uwezekano wa kama asilimia 13. Si mkubwa. Lakini haujaribiwi mara moja. Zuhali yangu inapimwa na sayari 4 zako, na Zuhali yako inapimwa na sayari 4 zangu. Hayo ni majaribio 8. Uwezekano wa kuponyoka yote 8 unashuka hadi kama asilimia 32.

Kwa maneno mengine, chukua watu wawili wowote, hata wasiojuana, na takriban mara 2 kati ya 3 utakuta walau mgusano mmoja mgumu wa Zuhali. Ni makadirio, kwa sababu Zuhura haiendi mbali na Jua na hivyo majaribio hayo hayajitegemei kabisa, lakini picha haibadiliki sana. Na hapo hatujagusa migusano migumu ya Mirihi yenyewe, wala nyumba ya saba, ile sehemu ya chati inayosemwa kuwa ya ndoa, wala sayari za mbali. Anayetafuta sababu ya kuogopa ndani ya chati mbili ataipata. Ukimkuta aliyeambiwa kwamba chati yake na ya mwenzake haina doa, jua msomaji wake alikuwa na haraka au alikuwa na huruma.

Hesabu hiyo ni ya jumla. Nichukue kisa kimoja tukitazame polepole. Nimekiunganisha kutokana na visa vingi vinavyofanana, ili asiwepo mtu wa kujiona hapa na kuona haya.

Dada mmoja, Mwezi wake uko nyuzi ya 12 ya buruji ya Kaa, moja ya sehemu 12 za duara, kila moja nyuzi 30. Mwenzake amezaliwa 1997, na Zuhali yake iko nyuzi ya 14 ya Kondoo. Kondoo ni buruji ya kwanza na Kaa ni ya nne, hivyo kutoka Kondoo 14 hadi Kaa 12 ni nyuzi 88, kasoro ya 2 tu kufika 90. Ni mgusano wa kubana. Wana miezi minane pamoja, wanaelewana vizuri, wana mpango wa kwenda kutambulishwa kwa wazazi. Dada anasomewa chati. Anaambiwa: Mwezi ni hisia zako, ni pale unapohitaji kubembelezwa, Zuhali yake imekaa juu yake kama jiwe, mwanaume huyu atakuwa baridi kwako, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo atakavyozidi.

Kabla sijaendelea, niseme neno la pembeni. Zuhali huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka duara, kwa hiyo husogea kama nyuzi 12 kwa mwaka. Maana yake, kila aliyezaliwa katika sehemu kubwa ya 1997 ana Zuhali maeneo hayo hayo ya Kondoo. Kama dada huyu anamkimbia mwenzake kwa sababu hiyo, basi anapaswa kuwakimbia karibu wote waliozaliwa mwaka ule: wanafunzi wenzake, jirani, fundi, daktari, na pengine rafiki yake kipenzi ambaye ndiye anayembembeleza akilia. Aliambiwa habari hiyo kana kwamba inamhusu mtu mmoja. Ilikuwa inahusu kalenda.

Lakini yeye hakuambiwa hivyo, na jioni ile alirudi nyumbani akiwa na neno moja kichwani: baridi.

Wiki ya kwanza hakuna lililobadilika upande wa mwanaume. Kilichobadilika ni macho ya dada. Siku moja mwenzake alirudi kutoka kazini saa mbili usiku, akala, akasema maneno machache, akalala. Mwezi mmoja nyuma angesema, "maskini, amechoka." Safari hii alimtazama akijisemea moyoni, ndiyo haya. Tukio ni lile lile. Wiki hiyo hiyo mwanaume alimletea dawa ya kikohozi bila kuombwa, na hilo halikuhesabiwa popote, kwa sababu alikuwa hatafuti joto. Alikuwa anatafuta baridi.

Wiki ya pili na ya tatu alianza kupunguza. Hakukusudia ubaya, alikuwa anajikinga. Mama yake aliugua na hakumwambia mwenzake hadi siku ya tatu, kwa kuwa alishaambiwa kwamba huyu si mtu wa kumlilia. Safari ya kwenda kwa wazazi aliisogeza mbele bila sababu ya kueleweka. Akiulizwa "una nini?" anajibu "sina kitu." Mnaijua "sina kitu" ya namna hiyo, ile inayofunga mlango na kuacha taa inawaka ndani.

Sasa hamieni upande wa pili. Mwanaume hana habari na chati. Anachokiona ni mwanamke aliyekuwa akimweleza kila kitu, sasa anamficha hata ugonjwa wa mama yake. Anauliza, hajibiwi. Anauliza tena, anaambiwa anasumbua. Wako watakaoendelea kuuliza mara kumi. Wengi wetu, tuseme kweli, mara ya tatu tunanyamaza. Naye alinyamaza. Akaanza kuchelewa kurudi, maana nyumbani kumekuwa kuzito. Ujumbe wake wa simu ukawa mfupi.

Na hapo ndipo ule ubaridi uliotabiriwa ukaingia ndani ya nyumba. Haukuwa wa kufikirika tena. Ungeweka kamera ungeuona: mwanaume asiyeongea, asiyeuliza, anayetazama simu. Dada yule alipokuja kwangu alikuwa na ushahidi wa kweli mkononi, tarehe kwa tarehe, na hakuwa amedanganya hata neno moja. Alisema, "Nilionywa, nikajitia sisikii." Wakati kwa kweli alisikia mno.

Naomba mtambue kwamba Zuhali haikutajwa kati yao hata mara moja. Mwanaume hakujua. Ndiyo maana hakuwa na namna ya kujitetea. Mtu akikutuhumu umeiba, utasema sikuiba. Akikutuhumu moyoni kwamba utakuja kuwa baridi baada ya miaka mitano, utajitetea wapi, na kwa ushahidi gani?

Pengine mtasema kisa kilichounganishwa ni rahisi kukigeuza utakavyo. Ni haki yenu. Basi niwape mambo mawili yaliyopimwa na wengine.

Mwaka 1977 Mark Snyder, Elizabeth Tanke na Ellen Berscheid walichapisha jaribio lao. Wanaume walizungumza kwa simu na wanawake wasiowajua. Kabla ya kuzungumza, kila mwanaume alipewa picha akaambiwa ndiye huyo. Picha hazikuwa za wanawake wale. Wengine walipewa ya mrembo, wengine ya asiye mrembo, kwa bahati tu. Mazungumzo yakarekodiwa, na watu wengine wasiojua lolote wakasikilizishwa sauti za wanawake peke yake. Wale waliodhaniwa kuwa warembo walisikika wachangamfu na wakunjufu zaidi. Fikirini hapo. Mwanamke hajui kuna picha. Matarajio yako kichwani mwa mwanaume aliye upande wa pili wa waya, na ndani ya mazungumzo ya dakika chache yameshafika kwenye sauti ya mwanamke. Kama picha ya uongo inafanya hivyo kwa watu wasiojuana, usomaji wa uongo unafanya nini kwa watu wanaolala chumba kimoja kwa miezi?

La pili liko karibu zaidi na letu. Mwaka 1998 Geraldine Downey na wenzake walitoa utafiti juu ya watu wanaotarajia kukataliwa na wapenzi wao. Waliwafuatilia wapenzi kwa shajara za kila siku, na wengine wakawaangalia wakizungumzia jambo wanalogombania. Wanawake waliokuwa na hofu kubwa ya kukataliwa walikuwa wakali au wazito zaidi katika ugomvi ule, na wapenzi wao wakatoka pale na hasira zaidi. Katika ufuatiliaji wao, uhusiano wa watu wenye hofu hiyo ulivunjika zaidi kuliko wa wengine. Hofu ilizaa mwenendo, mwenendo ukazaa kukataliwa, na kukataliwa kukaithibitisha hofu. Tofauti na dada wa Mwezi ni kwamba wao waliitoa hofu kwenye maisha yao ya nyuma, naye aliipewa ndani ya saa moja na mtu aliyekuwa akitazama duara lenye alama.

Hadi hapa nimesema juu ya walioachana. Upo upande mwingine ambao naona ni mbaya zaidi, na haukai vikaoni kwa sababu hauna kelele: wale wasioanza kabisa.

Aliyeanza ana nafasi, hata ndogo, ya kushangazwa. Mwenzake aliyetabiriwa ubaridi anaweza kumkumbatia siku ambayo hakutegemea, na utabiri ukapata ufa. Asiyeanza hana nafasi hiyo. Anamwambia kijana "samahani, nyota zetu zinagongana," na tangu siku hiyo chati haijaribiwi tena. Miaka mitatu baadaye akisikia kijana yule ameachana na mwingine, atasema, "unaona?" Akisikia ameoa na wanaishi raha mustarehe, atasema, "ah, chati ya mke wake inampokea." Kila habari inaingia kwenye mfuko mmoja. Mtu anayeepuka anajilisha ushahidi bila kutoka nje.

Na watu wakiwa wengi, kuepuka huonekana hadi kwenye takwimu za nchi. Katika kalenda ya mzunguko wa miaka 60 inayotumika Japani, uko mwaka wa Farasi wa Moto, na imani ya zamani inasema mwanamke aliyezaliwa mwaka huo atamwangamiza mumewe. Waliozaliwa 1906 walikua wakipata shida ya kuolewa, na shida hiyo ikawa ndiyo kumbukumbu iliyobaki kwa watu. Mwaka uliporudi, 1966, waliozaliwa Japani walikuwa takriban milioni 1.36, wakati mwaka 1965 walikuwa milioni 1.82. Upungufu wa kama robo, kwa mwaka mmoja, kisha 1967 idadi ikaruka hadi milioni 1.94. Wazazi wale hawakuwa wajinga wote. Naamini wengi hawakuamini kabisa kwamba mtoto wao atakuwa mwuaji wa mume. Waliogopa kwamba watu wengine wataamini, na binti yao atakosa mchumba. Utabiri ulishaacha kuhitaji waumini, ulihitaji tu watu wanaowahofia waumini. Ninaliona hilo hata kwa wapenzi wawili: anayeachwa mara nyingi haachwi na mtu anayeamini, anaachwa na mtu anayesema, "siamini sana, lakini itakuwaje kama…"

Je, nyota zinapanga nani aishi na nani? David Voas, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester, alilitazama swali hilo kwa sensa ya 2001 ya Uingereza na Welsi, watu milioni 20 walio kwenye ndoa, akitumia buruji ya Jua pekee, yaani ile ambamo Jua lilikuwa mtu alipozaliwa. Hakukuta buruji zinazovutana wala zinazokimbiana. Palikuwa na ziada ndogo ya wanandoa wenye buruji moja, na alipoifuatilia akaona inatokana na makosa ya kujaza fomu, kama mtu kuandika tarehe yake mwenyewe mahali pa mwenzake. Sasa mnajimu makini atasema buruji ya Jua si chati nzima, na katika hilo yuko sahihi. Sensa ile haikupima Zuhali wala Mwezi. Lakini watu wengi ninaowaona wameachana kwa buruji ya Jua tu. "Yeye ni Nge, mimi ni Ndoo, tutafika wapi?" Kwa hao, sensa inatosha.

Sasa, mtu atajuaje kama kinachovunjika kilikuwa kinavunjika hata bila chati? Hili ndilo swali ninalofanya nalo kazi chumbani kwangu, na njia yangu ni ya kikaratasi.

Namwomba mtu achore mstari wa tarehe aliyosomewa. Juu ya mstari aandike malalamiko aliyokuwa nayo kabla ya siku ile, na ushahidi wake: alimwambia nani, aliandika wapi, waligombana lini. Siku hizi kazi hiyo ni rahisi, ujumbe wa simu upo, na ninawaomba wausome wenyewe badala ya kukumbuka, maana kumbukumbu nayo hujipanga upya ili ikubaliane na chati. Chini ya mstari aandike yaliyotokea baadaye. Halafu kwa kila jambo la chini namuuliza: kabla ya hili, wewe ulifanya nini au uliacha kufanya nini?

Yule dada wa Mwezi, juu ya mstari alikuwa na mambo mawili. Mwenzake ni mchelewaji, na hapendi kuzungumza asubuhi. Basi. Chini ya mstari palijaa. Na alipofika kwenye "hakuniuliza hali ya mama," alikaa kimya kidogo, akasema, "sikumwambia." Wengine hali inakuwa kinyume. Juu ya mstari pamejaa: matusi, fedha zinazopotea, mkono uliowahi kuinuliwa. Kwa hao chati haikuvunja kitu, iliwapa tu ruhusa ya kusema walilolijua. Namwambia mtu wa namna hiyo aondoke kwa sababu ya mkono ule, na aache Zuhali nje, kwa kuwa akiondoka kwa sababu ya Zuhali, kesho atakutana na msomaji mwingine wa kumwambia kwamba Mshtarii imetengeneza mambo, arudi. Nimewaona pia waliobaki pabaya kwa sababu chati ilisema wanapatana. Sumu ni ile ile, ladha ndiyo tofauti.

Swali la pili ninalouliza ni hili: mwenzako afanye nini ndani ya miezi mitatu hadi wewe useme usomaji ulikosea? Nataka jambo linaloonekana kwa macho. Kama jibu ni "hakuna, kwa sababu Zuhali huja polepole," basi hapo hakuna utabiri, kuna hukumu isiyo na rufaa. Kama jibu lipo, tunaliandika, na mara nyingi mwenzake huwa ameshalifanya wiki ile ile.

La tatu ni gumu kuliko yote. Namwomba amwambie mwenzake. Si kwa kumtuhumu, bali kwa kumweleza: nilisomewa hivi, niliogopa, na tangu siku ile nimekuwa nikikutazama hivi. Hufanyika kwa aibu na pengine kicheko. Lakini ndiyo mara ya kwanza yule mwingine anapata nafasi ya kujua alikuwa anashindana na nini. Kuna waliokasirika, na wana sababu, maana si raha kugundua kwamba umehukumiwa kwa miezi bila kuitwa. Hasira hiyo angalau ni ya jambo lililopo.

Na ninyi mnaosoma chati, nawaona wachache hapa, nina ombi la kitaaluma. Katika ufundi wenu wenyewe Zuhali haisomwi kwa namna moja. Wasomaji wengi huitafuta kwenye chati za ndoa zilizodumu, wakisema ndiyo gundi, ndiyo ahadi na subira. Nyuzi zile zile 88, msomaji mmoja anasema "baridi," mwingine anasema "atakaa." Mkijua hivyo, mnapomwambia mtu mojawapo tu, mmeshachagua kwa niaba yake. Msimpe mtu sifa ya mwenzake asiyekuwepo chumbani. Mwambieni juu yake yeye, kwa mfano kwamba yeye ni mwepesi wa kuhisi ameachwa. Hilo anaweza kulifanyia kazi. "Mwenzako atakuwa baridi" analifanyia kazi pia, na mmeona namna.

Kabla sijapanda hapa kuna kaka aliniuliza mlangoni, na naona swali lake ni la wengi: kama mtu alishaachana kwa ajili ya chati na sasa anajuta, afanye nini? Nilimjibu hivi. Kwanza achore ule mstari, ahakikishe anachojutia ni mtu na si upweke wa miezi miwili. Kama ni mtu, ampigie, lakini asimpigie kwa sababu amepata msomaji mwingine mwenye habari njema; huko ni kubadilisha hakimu tu. Amweleze alichokiogopa na alichokifanya kwa hofu hiyo, kitu kwa kitu, kisha anyamaze amwache ajibu. Na kama yule mwingine ameshapata mtu wake, aage kwa heshima na kukata simu, bila kuuliza tarehe ya kuzaliwa ya huyo mpya.